Pombe na lishe

Pombe na lishe ni mada inayohusu namna alikoholi iliyomo katika vinywaji inavyoathiri chakula, akiba za mwili na afya ya ini. Alikoholi ya vinywaji huitwa kitaalamu ethanoli. Ina nguvu nyingi kuliko wanga, lakini haina protini, vitamini wala madini, na mwili hauna ghala la kuihifadhi. Kwa sababu hiyo mtu anayekunywa sana anaweza kuwa na kitambi kikubwa na wakati huohuo akawa na utapiamlo, jambo linalowashangaza wengi wanaoliona kwa mara ya kwanza.

## Kalori za pombe

Gramu moja ya ethanoli inapounguzwa mwilini hutoa takriban kilokalori 7. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Ethanoli kwa hiyo iko karibu zaidi na mafuta kuliko sukari.

Kiasi cha ethanoli katika chupa kinaweza kukokotolewa kutokana na asilimia iliyoandikwa kwenye lebo. Asilimia hiyo ni ya ujazo, na mililita moja ya ethanoli ina uzito wa gramu 0.79 hivi. Tuchukue chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5, jinsi zinavyouzwa kwa wingi katika Afrika Mashariki. Asilimia 5 ya mililita 500 ni mililita 25, na mililita 25 mara 0.79 ni karibu gramu 20 za ethanoli. Gramu 20 mara 7 ni kilokalori 140. Bia ina pia wanga uliobaki kutoka kwenye kimea, kwa kawaida gramu 3 hadi 4 katika kila mililita 100, ambao unaongeza kilokalori 60 hadi 80. Jumla ya chupa moja ni kilokalori 200 na kitu.

Mtu anayekunywa chupa tatu kila jioni anapata basi zaidi ya kilokalori 600, sawa na unga mkavu wa mahindi wa gramu 170 hivi. Huo ni ugali wa kutosha kumshibisha mtu mzima kwa mlo mmoja. Tofauti ni kwamba mla ugali anashiba na kuacha kula, wakati mnywaji wa bia mara nyingi hupata hamu ya nyama choma na chipsi. Uchunguzi wa watu wanaokunywa kidogo kabla ya mlo umeonyesha mara nyingi kwamba hawapunguzi chakula ili kufidia kalori walizokunywa, wanazijumlisha.

Pombe kali, kama vile konyagi, waragi na wiski, haina wanga wala sukari, na ndiyo sababu baadhi ya watu hudhani kwamba hainenepeshi. Hesabu inaonyesha vingine. Chupa ndogo ya mililita 250 yenye asilimia 35 ina gramu 69 za ethanoli, yaani kilokalori 480 kutoka ethanoli peke yake. Soda inayochanganywa nayo ni juu ya hapo.

Pombe za kienyeji zisizochujwa ziko tofauti kidogo. Busaa ya Kenya, mbege ya Wachaga inayotengenezwa kwa ndizi na ulezi, pamoja na pombe nyingine nzito za mtama na mahindi, zina masalia ya nafaka na hamira ndani yake. Mnywaji hupata humo wanga, protini kidogo na vitamini za kundi B. Zikikenekwa kuwa gongo au chang'aa, vyote hivyo hubaki chini ya mtungi: kinachopanda na mvuke ni ethanoli, maji na harufu tu. Mtu anayehama kutoka busaa hadi chang'aa anahama pia kutoka kinywaji chenye chakula kidogo hadi kinywaji kisicho na chakula kabisa.

## Kwa nini ini hubeba mzigo wote

Ethanoli haihitaji kumeng'enywa. Hupita kwenye ukuta wa tumbo na hasa wa utumbo mwembamba, huingia katika damu na kufika kwenye ini. Sehemu ndogo hutoka kwa pumzi, jasho na mkojo. Zaidi ya asilimia 90 huvunjwavunjwa, karibu yote katika ini.

Kazi hiyo ina hatua mbili. Kwanza kimeng'enya kimoja hugeuza ethanoli kuwa asetaldehidi, dutu yenye sumu inayoweza kushikamana na protini na hata na DNA. Kisha kimeng'enya cha pili hugeuza asetaldehidi kuwa asetati, ambayo si sumu. Hutoka kwenye ini na kuunguzwa katika misuli na moyo. Watu wengi wa Asia ya Mashariki wamerithi umbo dhaifu la kimeng'enya cha pili. Wakinywa, asetaldehidi hujilimbikiza, uso huwa mwekundu, moyo hupiga mbio na wanajisikia vibaya. Habari hiyo itahitajika tena chini.

Kasi ya kazi haibadiliki sana hata kama mtu amekunywa zaidi. Mtu mzima wa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Yule wa chupa tatu za bia ana gramu 60 za kuondoa, kwa hiyo akimaliza kunywa saa nne usiku ini lake litakuwa bado linafanya kazi hiyo karibu na mapambazuko. Kahawa, kuoga maji baridi au kula supu ya asubuhi haviharakishi.

Kwa kuwa hakuna ghala la ethanoli na kwa kuwa ni sumu, mwili huipa kipaumbele na kuahirisha kuunguza vitu vingine. Mwaka 1992 watafiti wa Lausanne nchini Uswisi, Paolo Suter, Yves Schutz na Eric Jéquier, waliwaweka watu wenye afya katika chumba maalumu kinachopima hewa wanayovuta na kutoa. Walipopewa ethanoli kiasi cha robo ya nguvu zao za siku, uunguzaji wa mafuta ulipungua kwa takriban theluthi moja. Kitambi cha mnywaji kwa hiyo hakitokani na ethanoli kugeuka mafuta moja kwa moja, au ni kwa kiasi kidogo tu. Kinatokana zaidi na mafuta ya chakula chake ambayo hayakuunguzwa usiku ule.

Hata hivyo walevi wa kupindukia mara nyingi huwa wembamba. Sababu moja ni kwamba hawali. Sababu nyingine iligunduliwa na Charles Lieber, tabibu mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1968 yeye na Leonore DeCarli walieleza njia ya pili ya kuvunja ethanoli ndani ya seli za ini, ambayo huongezeka kwa anayekunywa sana kila siku. Njia hiyo hupoteza nguvu kama joto, tena huzalisha kemikali zinazodhuru seli. Ndiyo inayomwezesha mlevi mzoefu kuondoa pombe kwa haraka kidogo kuliko wengine, na ndiyo hiyohiyo inayofanya vidonge vya paracetamol viwe hatari zaidi kwake, kwa kuwa huvigeuza kwa wingi kuwa sumu ya ini.

## Ini lenye mafuta na hatua zinazofuata

Mafuta yasiyounguzwa hujikusanya kwanza ndani ya seli za ini zenyewe. Hali hiyo, ini lenye mafuta, hutokea kwa karibu watu wote wanaokunywa gramu 60 au zaidi kila siku kwa muda, yaani chupa tatu za mfano wetu. Kwa kawaida haiumi. Hugunduliwa kwa bahati wakati wa kipimo cha ultrasaundi kilichofanywa kwa sababu nyingine, au daktari anapogusa upande wa kulia chini ya mbavu na kukuta ini limekua. Habari njema ni kwamba mtu akiacha kabisa, mafuta huondoka ndani ya wiki chache.

Kwa baadhi yao ini huvimba na seli kufa: huu ndio uvimbe wa ini wa pombe. Dalili zake ni macho ya manjano, homa, maumivu na kukosa hamu ya chakula. Katika vipimo vya damu vimeng'enya viwili vya ini vinavyoandikwa AST na ALT huangaliwa pamoja. Katika magonjwa mengine mengi ya ini ALT ndiyo kubwa. AST inapokuwa zaidi ya mara mbili ya ALT, daktari hushuku pombe, hata kama mgonjwa anakana.

Hatua ya mwisho ni sirosisi, ambapo makovu huchukua nafasi ya seli hai na ini huwa gumu lenye vinundu. Kati ya wanywaji wakubwa wa miaka mingi, takriban mmoja hadi wawili katika kila kumi hufikia hapo. Damu inayotoka utumboni haipiti vizuri kwenye ini lenye makovu, hivyo maji hujaa tumboni na mishipa ya umio huvimba na inaweza kupasuka, mgonjwa akatapika damu. Makovu hayo hayafutiki kama mafuta yalivyofutika, ingawa kuacha pombe bado hurefusha maisha kwa kiasi kikubwa hata katika hatua hii.

Zamani iliaminiwa kwamba ini la mlevi huharibika kwa njaa tu, na kwamba anayekula vizuri amejikinga. Imani hiyo bado inasikika katika baa nyingi: "kula nyama, pombe haitakudhuru." Lieber aliijaribu kwa nyani aliowapa ethanoli pamoja na chakula kilichopimwa na chenye virutubisho vyote. Katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba baadhi yao walipata sirosisi hata hivyo. Kula kabla ya kunywa hupunguza kasi ya pombe kuingia katika damu, na hilo lina faida yake usiku ule. Lakini idadi ya gramu ambazo ini litapaswa kuvunja inabaki karibu ileile.

Wanawake hudhurika kwa kiasi kidogo zaidi kuliko wanaume, hasa kwa sababu mwili wao una maji kidogo ya kuizimua ethanoli. Mwenye homa ya ini aina ya B au C, ambayo si adimu katika Afrika Mashariki, yuko hatarini zaidi, kwa sababu virusi na pombe huharibu seli zilezile. Kusini mwa Afrika kulionekana pia tatizo la pekee: pombe ya kienyeji iliyopikwa katika mapipa na vyungu vya chuma hunyonya chuma kwa sababu ni chachu, na watu walioinywa kwa miaka mingi walipatikana na madini ya chuma kupita kiasi ndani ya ini. Chuma hicho cha ziada huongeza makovu.

## Virutubisho vinavyokosekana

Pombe hupunguza virutubisho kwa njia tatu mfululizo: huchukua nafasi ya chakula, huzuia kufyonzwa kwa kilicholiwa, na huharibu ghala. Mfano ulio wazi zaidi ni tiamini, yaani vitamini B1.

Tiamini inahitajika na kila seli ili kupata nguvu kutoka sukari. Mwili mzima una akiba ya miligramu 30 hivi, inayotosha kwa wiki mbili hadi tatu tu. Katika utumbo tiamini hupitishwa na protini maalumu za kubebea, na ethanoli huzipunguzia kazi. Ini lililojaa mafuta au makovu huweka akiba ndogo. Isitoshe, ili tiamini ifanye kazi inahitaji magnesi, na pombe husababisha magnesi nyingi kupotea kwa mkojo. Mlevi anaweza kwa hiyo kumeza vidonge vya vitamini na bado akabaki na upungufu. Ndiyo maana hospitalini hupewa kwa sindano.

Seli za ubongo ndizo zinazoumia kwanza. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza wagonjwa wenye dalili tatu: kuchanganyikiwa, kuyumba wanapotembea na macho yasiyosogea vizuri au yanayotetemeka. Miaka michache baadaye Mrusi Sergei Korsakoff alieleza hali inayoweza kufuata, ambapo mgonjwa hawezi kushika kumbukumbu mpya na hujaza mapengo kwa visa ambavyo havikutokea, bila nia ya kudanganya.

Shida ni kwamba mtu anayeyumba na kuchanganyikiwa anaonekana amelewa tu, na huachwa alale. Kinachotofautisha ni muda na macho. Ulevi hupungua saa kwa saa. Ugonjwa wa Wernicke haupungui hata siku ya pili bila pombe. Wagonjwa wengi hawana dalili zote tatu, kwa hiyo madaktari hawangojei zitimie. Kuna hatari nyingine ndani ya hospitali yenyewe. Mgonjwa aliyekonda akiwekewa dripu ya glukosi kabla ya tiamini, sukari hiyo inaweza kutumia tiamini kidogo iliyobaki na kuzidisha hali. Kanuni ni kutoa tiamini kwanza au pamoja na glukosi. Ila kama sukari ya damu imeshuka sana, glukosi haicheleweshwi, kwani ubongo bila sukari hufa upesi zaidi.

Na sukari hushuka kweli. Kati ya mlo na mlo ini hutoa glukosi kutoka akiba yake, na akiba ikiisha hutengeneza mpya. Wakati linavunja ethanoli, uwezo wa kutengeneza glukosi mpya hupungua sana. Aliyekula vizuri hatambui lolote. Aliyekunywa siku nzima bila kula, mtoto aliyeonja pombe ya wakubwa, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini wanaweza kuzimia kwa kukosa sukari saa kadhaa baadaye, tena usingizini, watu wakidhani ni pombe inamlaza.

Kirutubisho cha pili kinachokosekana mara nyingi ni foleti, vitamini ya mboga za majani na maharage. Pombe huzuia kufyonzwa kwake na huongeza kiasi kinachopotea katika mkojo. Pasipo foleti chembe nyekundu za damu hazigawanyiki vizuri, zinakuwa kubwa na chache. Zinki na vitamini A hupungua pia. Kongosho likiharibika, mafuta ya chakula hayameng'enywi, kinyesi huwa cheupe chenye mafuta, na vitamini A, D, E na K hutoka pamoja nacho.

## Madai kuhusu kunywa kwa kiasi

Neno "kiasi" halina maana moja. Nchini Marekani "kinywaji kimoja" ni gramu 14 za ethanoli. Nchini Uingereza kizio kimoja ni gramu 8. Chupa yetu ya mililita 500 ni basi karibu kinywaji kimoja na nusu cha Kimarekani au vizio viwili na nusu vya Kiingereza. Anayesoma kwamba "vinywaji viwili kwa siku" ni kiasi, kisha akanywa chupa mbili, amepita.

Wazo kwamba kunywa kidogo hulinda moyo lilienea hasa tangu mwaka 1992, Mfaransa Serge Renaud alipoandika kwamba huenda divai ndiyo inayowakinga Wafaransa na magonjwa ya moyo licha ya siagi na jibini wanazokula. Tafiti nyingi zilizolinganisha watu ziliunga mkono: wanywaji wa kiasi walikufa kwa uchache kuliko wanywaji wakubwa, lakini pia kuliko wasiokunywa. Kwenye karatasi mchoro wake hufanana na herufi J.

Swali ni nani hao wasiokunywa. Tayari mwaka 1988 Gerald Shaper na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba kundi hilo lina watu wengi walioacha kwa sababu ni wagonjwa. Mtu akiambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa moyo, anaacha pombe, kisha anakufa, kifo chake kinaandikwa upande wa wasiokunywa. Vilevile, katika nchi tajiri wanywaji wa kiasi huwa na kipato kizuri, hutembea zaidi na huenda kwa daktari mapema. Wachunguzi wanapowatenga walioacha na kurekebisha hali ya maisha, sehemu kubwa ya faida hupungua au hutoweka.

Hapa ndipo kile kimeng'enya dhaifu cha Asia ya Mashariki kinapofaa. Mtu hachagui jeni zake kwa sababu ya ugonjwa au utajiri, lakini mwenye jeni hiyo hunywa kidogo maisha yake yote. Mwaka 2019 watafiti wa China na Oxford walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu takriban nusu milioni nchini China. Kwa kadiri jeni za wanaume zilivyowaelekeza kunywa zaidi, ndivyo shinikizo la damu na kiharusi vilivyoongezeka, bila sehemu ya chini iliyoonyesha ulinzi. Wanawake wa huko hunywa kidogo sana, na kwao jeni zilezile hazikuleta tofauti. Hiyo ni ishara kwamba sababu ni pombe yenyewe. Kuhusu shtuko la moyo, uchunguzi huo haukuonyesha wazi madhara wala faida, na wataalamu bado wanabishana.

Kuhusu saratani ubishi ni mdogo. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliweka vinywaji vya alikoholi katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa mwaka 1988. Hatari ya saratani ya titi na ya umio huanza kuongezeka hata kwa kiasi kidogo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango kinachoweza kuitwa salama. Maana yake si kwamba glasi moja ni hatari kama chupa nzima. Hatari ya mnywaji mdogo ni ndogo. Ila haiwi sifuri, na hairudi chini ya sifuri kama ilivyodaiwa.

Afrika Mashariki lina umaarufu zaidi dai lingine: kwamba divai nyekundu huongeza damu, na kwa hiyo inafaa kwa mama aliyetoka kujifungua. Rangi ndiyo inayodanganya. Glasi moja ina chini ya miligramu moja ya chuma, na tanini zake hushika chuma cha mboga na maharage yaliyoliwa pamoja nayo, kisipite kwa urahisi kwenye utumbo. Kwa anayekunywa sana, uboho wa mifupa hutengeneza chembe chache na foleti hupungua. Kipimo cha damu yake huonyesha mara nyingi chembe nyekundu zilizokuwa kubwa kupita kawaida, na baada ya kuacha pombe inaweza kuchukua miezi minne hivi hadi zirudi ukubwa wake, kwa sababu huo ndio muda ambao chembe nyekundu huishi.